Faranga 300 za Kwanza ni Zako

Nchini Uswisi, bima ya afya ya lazima haianzi kulipa siku unapougua. Mtu mzima aliyechagua kiwango cha chini hujilipia mwenyewe faranga 300 za kwanza za mwaka. Zikishatimia, huchangia asilimia 10 ya gharama zinazofuata.

Tuseme matibabu yamegharimu faranga 2,300. Toa 300, zinabaki 2,000. Fungu lako humo ni 200. Jumla umetoa 500, bima 1,800. Mchango wa asilimia una kikomo cha faranga 700 kwa mwaka, na hapo ndipo mgonjwa wa saratani hupata nafuu.

Ila hesabu huanza upya kila Januari 1. Ukipasuliwa Desemba na kurudi kliniki Januari, zile 300 unazilipa tena, utaratibu ninaouona mkali.