Fahamu: Kwa nini utembee dakika 10 baada ya kula?

Fundi cherehani wa Dundori akishamaliza sahani ya mukimo na kurudi kwenye cherehani yake, wanga wa viazi na mahindi huanza kuingia kwenye damu kama glukosi. Mara nyingi sukari hufika kileleni ndani ya saa moja au moja na nusu. Akikaa tu, misuli mikubwa ya mapaja haiihitaji sana, na kazi yote huiachia insulini. Akitembea, misuli inayojikunja huivuta glukosi yenyewe, hata pale insulini inapokuwa dhaifu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi, waliwapima watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 zaidi ya kutembea dakika 30 mfululizo wakati wowote. Baada ya chakula cha jioni, tofauti ilifika asilimia 22.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi abebe peremende anapotembea, kwani sukari yake inaweza kushuka mno: akitetemeka na kutokwa jasho jembamba, asimame, aile mara moja.