Njia Ndefu na Majina Yaliyokatazwa: Sababu za Windows Kukataa Faili za Git

Mwanafunzi ameketi mbele ya kompyuta ya shule inayoendeshwa na mfumo wa Windows. Anataka nakala ya mradi wa programu uliohifadhiwa katika ghala la Git, yaani programu inayotunza kazi ya watu wengi pamoja na historia ya kila badiliko lililofanywa. Upakuaji unaendelea vema hadi mwisho. Kisha, badala ya faili alizozitazamia, kioo kinamwonyesha maneno `Filename too long`, na chini yake onyo hili: `Clone succeeded, but checkout failed`. Mwenzake mwenye kompyuta ya Linux amelipakua ghala lile lile bila taabu yoyote. Je, data imeharibika njiani?

La, haikuharibika. Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza kutenganisha hatua mbili ambazo Git huzifanya mfululizo. Katika hatua ya kwanza, Git hunakili yaliyomo yote ya ghala na kuyaweka ndani ya folda iitwayo `.git`. Humo, majina ya faili za mradi ni maandishi tu yaliyohifadhiwa kama data nyingine yoyote, na hakuna anayeyapima urefu. Katika hatua ya pili, Git huuomba mfumo wa kompyuta uunde faili halisi zenye majina hayo. Hapo ndipo Windows inapopata nafasi ya kukataa. Onyo lililotajwa hapo juu lina maana hiyo hasa: kunakili kumefaulu, bali kutoa faili kumeshindikana.

Kukataa huko kuna sababu mbili kubwa, na kila moja ina dawa yake. Sababu ya kwanza ni urefu. Kwa desturi yake ya zamani, Windows huipa njia ya faili nafasi 260 za herufi. Njia hiyo huhesabiwa tangu herufi ya diski hadi herufi ya mwisho ya jina la faili, na nafasi moja huachwa kwa alama isiyoonekana inayofunga maandishi. Kwa hiyo herufi zinazoweza kutumika ni 259.

Tuseme faili moja ya mradi, pamoja na folda zake za ndani, ina njia yenye herufi 215 katika ghala. Mwanafunzi naye ameuweka mradi mahali hapa:

```
C:\Users\mwanafunzi\Documents\Masomo\Sayansi\mradi\
```

Akihesabu herufi za mstari huo, pamoja na kila alama ya `\`, atapata 51. Jumla ya 51 na 215 ni 266, nayo imepita kikomo kwa herufi 7. Lau angaliuweka mradi katika `C:\m\`, yenye herufi 5 tu, jumla ingalikuwa 220 na faili ingaliundwa bila pingamizi. Hapa ndipo inapofumbuliwa siri ya ghala moja kukubalika katika kompyuta moja na kukataliwa katika nyingine, ingawa zote mbili zinatumia Windows: Git huhifadhi sehemu ya ndani tu ya njia, na sehemu ya mbele hutegemea mahali ambapo mtumiaji amechagua. Linux, kwa upande wake, huruhusu njia yenye urefu wa kufikia baiti 4096, na kwa sababu hiyo aliyeuunda mradi huko huenda asitambue kamwe kwamba amewawekea wengine kikwazo.

Dawa iliyo rahisi, basi, ni kuuhamishia mradi karibu na mzizi wa diski. Dawa ya pili ni kuiagiza Git itumie njia ndefu, kisha itoe faili upya:

```
git config --global core.longpaths true
git reset --hard
```

Amri ya pili hufuta mabadiliko yote ambayo hayajahifadhiwa. Kwa hiyo itumiwe tu katika nakala mpya ambayo haijafanyiwa kazi. Tena, agizo la `core.longpaths` lina mpaka wake. Huiwezesha Git yenyewe kuandika faili hizo, lakini haliziwezeshi programu nyingine kuzifungua. Tangu mwaka 2016, Windows 10 imekuwa na uwezo wa kuondoa kikomo cha 260, ila ni lazima uwezo huo uwashwe katika mfumo, na kila programu nayo iwe imetengenezwa kuutumia. Faili inaweza basi kuwepo katika diski, na bado programu ya kuihariri ikadai kwamba haioni kitu.

Sababu ya pili ni jina lenyewe, na ujumbe wake ni tofauti: `invalid path`. Mfano mashuhuri umo katika ghala la kiini cha Linux, ambalo lina faili iitwayo `aux.c`. Jina hilo ni fupi mno, wala hakuna kuhamisha folda kutakakolisaidia. DOS ya kwanza ya mwaka 1981 haikuwa na folda. Majina kama `AUX`, `CON`, `PRN` na `NUL` yaliwekwa kando kuwa majina ya vifaa: mtu aliyeandika kwenye `PRN` alikuwa akipeleka maandishi kwenye mashine ya kuchapia, si kwenye faili. Folda zilipoingizwa katika toleo la 2.0 la mwaka 1983, majina hayo yalibaki na maana ile ile ndani ya kila folda, hata yakifuatwa na nukta na herufi nyingine. Windows ikayarithi. Hivyo Git ya Windows hulikataa jina `aux.c`, kama inavyokataa pia jina lenye nukta mbili, kwa mfano `ripoti-10:30.txt`.

Hapa `core.longpaths` haifai kitu. Tiba ya kweli ni mwenye mradi kulibadili jina hilo katika ghala, au mtumiaji kuutolea mradi katika diski ya mfumo wa Linux.

Imebaki hatari moja ambayo haitangazwi kwa ujumbe wowote. Baada ya kushindikana kwa sababu ya urefu, faili nyingine nyingi huwa zimekwisha kuandikwa, na folda huonekana kana kwamba imekamilika. Mwanafunzi akianza kazi yake papo hapo, akaandika `git add -A` kisha `git commit`, Git itazihesabu faili zilizokosekana kuwa zimefutwa naye kwa makusudi. Akiipeleka kazi hiyo katika ghala la pamoja, atakuwa amewaondolea wenzake faili ambazo yeye mwenyewe hakupata kuziona. Zitaweza kurudishwa kutoka katika historia, lakini kwanza sharti mtu agundue kwamba hazipo.

Dalili ya kuitambua hatari hiyo ni nyepesi. Kabla ya kugusa lolote, aandike `git status`. Katika nakala mpya iliyo kamili, jibu litakuwa `nothing to commit, working tree clean`. Akiona neno `deleted` mbele ya faili ambazo hakuzifuta, na aache kazi, arudi kwenye ujumbe wa kosa, na apime njia zake kwanza.