Feleji Nzito, Alumini Nyepesi, Mlio Mmoja

Chukua fimbo mbili za mviringo, kila moja yenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha milimita 12. Moja iwe ya feleji, chuma kile cha kawaida cha ujenzi, lakini iwe laini, isiyo na mistari kama ya nondo. Ya pili iwe ya alumini. Kwenye mizani tofauti yao haijifichi: ya feleji ina karibu gramu 890, ya alumini inazidi 300 kidogo tu. Sasa shika fimbo ya feleji katikati kabisa kwa vidole viwili, uigonge kichwani kwa nyundo ndogo, pigo lifuate urefu wa fimbo. Itatoa mlio mwembamba na mkali. Igonge ya alumini vivyo hivyo. Mwenzako aliyekupa mgongo, akisikiliza kimo cha sauti peke yake, hataweza kukuambia umegonga ipi.

Wengi hawatarajii hivyo. Shuleni tuliambiwa sauti husafiri haraka zaidi katika yabisi kuliko hewani, na wanafunzi wengi wakajimalizia wenyewe kwamba sababu ni uzito: kitu kikishikamana na kuwa kizito, sauti hukimbia. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot aliithibitisha jijini Paris mwaka 1808 kwenye mabomba ya maji ya chuma cha kalibu yaliyounganishwa kwa urefu wa mita 951. Upande mmoja uligongwa, na upande wa pili zikasikika sauti mbili: ya kwanza ilipita kwenye chuma, ya pili ikaja kwa hewa zaidi ya sekunde mbili baadaye. Ni ile sababu ya uzito ndiyo isiyosimama. Risasi ni nzito kuliko feleji, lakini ndani ya fimbo ya risasi wimbi huenda kama mita 1,200 tu kwa sekunde, si hata robo ya kasi yake ndani ya feleji.

Ili kuona kinachotokea, ifikirie fimbo kama mlolongo wa vipande vyembamba vilivyogandana. Nyundo inakiminya kipande cha kwanza, nacho kikijirudi kinamsukuma jirani yake, jirani anamsukuma anayefuata, hadi mwisho. Chembe za chuma hazisafiri. Zinaenda mbele na kurudi nyuma kidogo mno, kwenye mstari ule ule ambao wimbi linaufuata. Mwendo wa msukumo huo unaamuliwa na mambo mawili. Kipande kikiwa kikakamavu, kinajirudi kwa nguvu kubwa na kumsukuma jirani upesi. Kipande kikiwa kizito, kinachelewa kuanza mwendo. Kwa hiyo uzito, kinyume na tulivyodhani, ni breki.

Ukakamavu huo ndio unaopimwa na moduli ya unyumbufu, E. Uzito wa kila mita ya ujazo ni densiti, ρ. Kasi ya wimbi katika fimbo nyembamba ni kipeuo cha pili cha mgawanyo wake:

v = √(E/ρ)

Feleji ina moduli ya karibu gigapaskali 200, yaani paskali bilioni 200. Ukining'iniza mzigo wa kilo 100 kwenye fimbo yetu, itarefuka kwa takriban sehemu 4 za mia za milimita. Alumini, yenye gigapaskali 70, itarefuka karibu mara tatu ya hapo. Densiti ya feleji ni kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, ya alumini 2,700. Gawanya bilioni 200 kwa 7,850, tafuta kipeuo: mita 5,050 kwa sekunde, ukikadiria. Gawanya bilioni 70 kwa 2,700, fanya vivyo hivyo: mita 5,090.

Feleji inaishinda alumini kwa ukakamavu karibu mara tatu, kisha inalemewa na uzito wake karibu mara tatu vilevile, na faida yote inaliwa. Hakuna kanuni inayolazimisha metali ziwe hivyo. Shaba nyekundu ni nzito kuliko feleji huku moduli yake ikiwa kama gigapaskali 120, kwa hiyo kasi yake haifiki mita 3,700. Kwa feleji na alumini, hesabu imeangukia karibu na sare. Na mimi nisingemtangaza mshindi kwa tofauti ya mita 40, kwa sababu moduli ya feleji hubadilika kidogo kutoka aina hadi aina. Ukiweka 210 badala ya 200, feleji inafika mita 5,170 na kuipita alumini.

Mlio unatokana na safari hiyo hiyo. Wimbi linakwenda hadi mwisho wa fimbo, linagonga ukingo na kurudi, mita 2 kwa safari moja kamili. Kwa kasi ya mita 5,050 linakamilisha safari 2,525 kila sekunde, na hiyo ndiyo idadi ya mitetemo unayoisikia. Kwa alumini ni 2,545. Programu ya simu inayochora masafa ya sauti itakuonyesha kilele mahali hapo, ila irekodi kwa angalau sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo tofauti ya mitetemo 20 itamezwa ndani ya kilele kimoja kinene.

Kosa la kawaida ni kugonga upande. Fimbo itapinda na kutikisika, na mitikisiko ya kupinda ina masafa yake, ya chini kabisa ikiwa karibu 54 tu kwa sekunde. Ukiona vilele vingi vimerundikana upande wa chini wa mchoro, pigo lako lilikwenda kombo. Ukiwa bado na shaka, tumia fimbo ya nusu mita yenye unene ule ule. Mlio wa wimbi linalopita kwa urefu utakuwa mara mbili, lakini ule wa kupinda utapanda mara nne.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inafaa pale ambapo fimbo ni nyembamba mno ikilinganishwa na urefu wa wimbi, kiasi kwamba kipande kikiminywa kinapata nafasi ya kuvimba kidogo ubavuni. Wimbi letu lina urefu wa mita 2 na fimbo ina milimita 12, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Ndani ya bamba pana mambo hubadilika, hasa kwa mawimbi mafupi kama yale ya vifaa vya kupimia unene kwa mawimbi yasiyosikika. Hapo chuma kimezungukwa na chuma kila upande. Hakiwezi kuvimba, kwa hiyo kinakuwa kikakamavu zaidi na wimbi linaongeza mwendo. Alumini, ambayo kwa kawaida huvimba ubavuni kuliko feleji, inanufaika zaidi na kizuizi hicho. Feleji hufika karibu mita 5,920 kwa sekunde, alumini karibu 6,320, na ile sare imekwisha.

Kifaa cha namna hiyo hupima muda wa mwangwi kwenda na kurudi, kisha hukokotoa unene kwa kasi aliyoiweka mpimaji. Mpimaji akikiacha kwenye kasi ya feleji na kukigusisha kwenye mwili wa boti ya alumini, bamba zima la milimita 10 litasomeka 9.4, na ripoti itaandika kwamba limeliwa na kutu.