Wastani wa Shinikizo la Damu Hutulia Wapi?

Mgonjwa ameketi, mkanda umefungwa mkononi, na mashine inaonesha kipimo cha juu cha shinikizo la damu kuwa 146. Mpaka unaotumika katika kliniki nyingi ni 140. Je, aanzishiwe dawa? Shinikizo hupanda na kushuka siku nzima, na tunachotaka kujua ni wastani wake, ambao hakuna mashine inayouonesha.

Katika kompyuta tunaweza kumbuni mgonjwa ambaye wastani wake halisi tunaujua. Tuseme ni 134, na vipimo vyake vina mchepuko sanifu wa 10. Mistari hii ya Python humpima mara 1,000 na kukokotoa wastani upya baada ya kila kipimo:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng()
x = rng.normal(134, 10, 1000)
w = x.cumsum() / np.arange(1, 1001)
print(w[[0, 3, 24, 99, 999]])
```

Namba tano zinazochapishwa ni wastani baada ya vipimo 1, 4, 25, 100 na 1,000. Ukiendesha programu tena na tena, namba ya kwanza itarukaruka, ilhali ya mwisho haitabanduka sana kwenye 134. Mgonjwa huyu, ambaye wastani wake uko chini ya mpaka, atafikia 140 au zaidi takriban mara 27 katika 100 akipimwa mara moja tu. Ukichukua wastani wa vipimo vinne, kosa hilo hushuka hadi mara 12 hivi. Kwa vipimo 25 ni kama mara moja katika 1,000.

Wengi hudhani kwamba kipimo cha juu lazima kifuatwe na cha chini ili kukifidia. Sivyo. Kipimo cha kwanza kikiwa 158, ziada yake ya 24 haifutwi na chochote. Katika wastani wa vipimo 100 mchango wake ni 0.24 tu. Imezimuliwa, kama chumvi katika pipa la maji.

Sasa ongeza mstari `x = x + 8` kabla ya kukokotoa wastani. Huu ni mfano wa mkanda mdogo uliofungwa kwenye mkono mnene, kosa linalojulikana kupandisha kipimo. Wastani utatulia vilevile, kwa utulivu uleule, lakini kwenye 142, na mgonjwa yuleyule sasa amevuka mpaka. Hata vipimo 1,000,000 havitamrudisha, wala mtawanyiko wa namba hautatoa dalili yoyote, kwa kuwa kila kipimo kimesogezwa sawasawa. Kosa la namna hii huonekana tu mtu anapopima mzingo wa mkono, akachagua mkanda unaoufaa, kisha akalinganisha majibu ya mikanda yote miwili.