Afisa atasoma ukurasa mmoja tu, basi muandikie huo

Kwetu ni Mombasa, lakini riziki imenileta Athi River, huku Machakos, mji wa viwanda vya saruji na malori ya bandarini yasiyokwisha barabarani. Kazi inayonilisha ni kunyoosha ripoti za watu wengine kabla hazijapigwa chapa. Jioni moja baada ya Maghrib, binti mmoja wa Kwale ambaye ni msaidizi wa utafiti hapa mjini alibisha hodi akiwa na bahasha mkononi.

"Ami," akaniambia, "miezi minane ya kazi, na yule afisa hakuisoma."

Ripoti ilikuwa ya kurasa tisini na kitu, juu ya watoto wa madarasa ya chini wanaosongamana mbele ya mwalimu mmoja. Mbele yake palikuwa na muhtasari wa kurasa nne. Afisa wa elimu wa kaunti aliufungua wa kwanza, akatazama saa, akasema ataupitia baadaye. Kilichomuuma binti hakikuwa jasho lake. Walimu wakuu walimkalisha ofisini na kumfungulia madaftari yao kwa sababu aliwaahidi kwamba habari zao zitafika.

Nikauchukua ule muhtasari nikausoma kama afisa mwenye watu sita wanaomsubiri mlangoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa historia ya elimu tangu uhuru. Wa pili ulikuwa malengo ya utafiti. Wa tatu ulieleza jinsi shule zilivyochaguliwa. Ombi lenyewe lilikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne: serikali iajiri walimu zaidi wa shule za msingi.

Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu uliyempelekea, ana uwezo wa kuajiri hata mwalimu mmoja wa msingi?"

Akanyamaza. Jibu ni hapana. Katiba ya 2010 imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijana. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC. Afisa yule angeusoma mpaka nukta ya mwisho na bado asiwe na la kufanya.

Hapo ndipo ukurasa mmoja unapoanzia, kabla hujaandika neno lolote la matokeo. Andika sentensi moja kwenye karatasi ya pembeni: fulani aamue jambo gani, kabla ya lini, kwa pesa za fungu gani. Ikiwa sentensi hiyo haikamiliki, muhtasari hautakuwa na kazi. Na hiyo "kabla ya lini" ina tarehe zake. Mwaka wa fedha Kenya huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kwa kaunti, waraka wa mkakati wa fedha hutangulia kufikia tarehe 28 Februari. Ukurasa unaoomba pesa ukifika mwezi wa Mei, umekuta chungu kimeshaepuliwa.

Binti akataka mfano. Nikamchagulia utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Kenya, juu ya jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunalijua vizuri: minyoo na kichocho. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, huyu wa pili akiwa mmoja wa washindi wa Nobeli ya uchumi ya 2019, walifuatilia shule 75 za msingi huko Busia zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001, ili waliokwisha kupata walinganishwe na wanaosubiri. Makala yao ya 2004 ni ndefu na imejaa hesabu. Tukajifanya ni mwaka 2008, mpango wa dawa wa nchi nzima haujaanza, na tuna karatasi moja ya kumpa afisa wa wizara. Tukaandika hivi:

Kwa Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya: dawa za minyoo zitolewe shuleni katika maeneo yenye maambukizi mengi

*Tunachoomba.* Wizara zote mbili zitenge fedha katika bajeti ijayo ili kila mwanafunzi wa shule ya msingi katika maeneo hayo apewe dawa ya minyoo shuleni, na ya kichocho pale ilipo, bila kupimwa mmoja mmoja.

*Tulichokiona.* Katika shule zilizopewa dawa, utoro ulipungua kwa robo. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, katika kila wanafunzi 100 walikuwapo darasani 7 zaidi kuliko ambavyo wangekuwapo bila dawa. Hata watoto wasiomeza dawa katika shule hizo walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua.

*Gharama.* Mpango wa namna hii nchini Tanzania ulikadiriwa kugharimu karibu nusu dola kwa mwanafunzi kwa mwaka.

*Tusichoweza kudai.* Hatukuona alama za mitihani zikipanda. Busia ina minyoo mingi, hivyo mahali penye minyoo michache faida huenda ikawa ndogo.

*Tumejuaje.* Shule 75, zaidi ya wanafunzi 30,000, kuanzia 1998. Mahudhurio yalihesabiwa na watu waliofika shuleni bila taarifa, si kwa daftari la shule.

Hayo ni maneno mia na nusu hivi. Karatasi ya A4 yenye herufi za ukubwa wa 11 na pambizo za kawaida hubeba kama 400, kwa hiyo nafasi ya jina na simu ya mtu wa kuulizwa ipo, na jedwali moja dogo pia. Ukijikuta unashusha herufi hadi 9 ili yote yaenee, tatizo si herufi. Kuna jambo hujakubali kuliacha.

Tazama mpangilio wake. Umepinduliwa ukilinganisha na ripoti. Ripoti huanza na njia ikaishia kwenye ombi, kwa sababu msomaji wake ni mtaalamu anayetaka kukagua kila hatua. Afisa anataka kujua kwanza anaombwa nini, kisha kwa nini, kisha bei gani. Njia ya utafiti inakaa mwisho, mistari miwili tu, na katika mistari hiyo chagua jambo linalojenga imani. Hapa ni lile la kufika bila taarifa. Afisa yeyote wa elimu anajua jinsi daftari la mahudhurio linavyoweza kupendezeshwa siku ya wageni, na sentensi hiyo moja inamjibu kabla hajauliza.

Sasa tuje kwenye namba, kwa maana hapo ndipo wengi huteleza. Binti aliandika kwanza "utoro ulipungua kwa asilimia 25" akaachia hapo. Si uongo. Lakini afisa ataisoma mara moja, ataibeba kichwani mpaka mkutanoni, na huko itatoka kinywani mwake kama "mahudhurio yamepanda asilimia 25." Hilo si kweli hata kidogo, na mtu wa Hazina atakayeikagua atautupa ukurasa wote. Ndiyo maana robo imefuatwa papo hapo na watoto 7 katika 100. Kila sehemu au asilimia iliyomo katika ukurasa wako, iwekee watu au shilingi zinazohesabika, na usiweke zaidi ya namba tatu au nne za matokeo.

Kifungu cha "tusichoweza kudai" binti alitaka kukifuta. "Ami, tukisema alama hazikupanda, si tumejiharibia?" Nikamwambia mficha uchi hazai. Afisa ambaye hasomi kingine hana njia ya kujua mipaka ya utafiti isipokuwa umwambie hapo hapo. Asipoambiwa, atawaahidi wazazi alama bora, na alama zisipopanda mpango mzima utaitwa ulaghai. Na yaliyotokea baadaye ni funzo. Serikali ilianza kugawa dawa shuleni mwaka 2009 na kuwafikia watoto zaidi ya milioni 3. Mwaka 2015 watafiti wa London walirudia hesabu za Busia wakakuta makosa, hasa katika manufaa yaliyodaiwa kufikia shule za jirani, na mjadala mkali ukazuka kati ya wataalamu. Ukurasa wetu hapo juu haukudai kitu kuhusu shule za jirani. Ulisimama juu ya lile lililokuwa na mguu imara zaidi, mahudhurio ndani ya shule zilizopewa dawa.

Kifungu hicho kisigeuzwe lakini kuwa ile sentensi ya mazoea, "utafiti zaidi unahitajika." Hiyo humpa afisa sababu ya kusubiri na haimwambii kinachokosekana ni nini.

Shirika moja la utafiti wa afya huko Kanada liliweka kipimo kinachojulikana kama 1:3:25. Ukurasa mmoja wa ujumbe, kurasa tatu za muhtasari, kurasa 25 za ripoti. Ninachokipenda humo ni kwamba ule mmoja si ufupisho wa zile tatu. Ni maandishi mengine, ya msomaji mwingine, na huandikwa peke yake. Anayekata sentensi kutoka ripoti na kuzibandika hupata ukurasa wenye "kama ilivyoelezwa hapo juu" wakati hapo juu hapapo.

Ukimaliza, jaribu. Mpe mtu asiyejua utafiti wako, mfanye asome dakika moja kwa saa, kisha umnyang'anye karatasi. Muulize: nani anaombwa, anaombwa nini, na kwa nini. Tulimpa jirani yangu, dereva wa lori aliyepumzika kwake. La kwanza na la pili alijibu. La tatu akasema, "Watoto saba wanarudi darasani." Tukaridhika.

Usiku ule binti alirudi kwenye ripoti yake, na kilichotoka ni kurasa mbili, si moja. Mmoja wa TSC, juu ya walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu. Wa pili wa kaunti, juu ya chekechea, jambo ambalo lilikuwa limezikwa sura ya tano. Yule afisa wa kaunti aliusoma akiwa amesimama, akauliza hesabu ya gharama imetoka ukurasa gani wa ripoti, akaomba aachiwe nakala. Wa TSC bado haujajibiwa. Binti ameshaandika kwenye kalenda yake tarehe ya kufuatilia, kabla bajeti haijafungwa.