Mkazo Uko Wapi Katika photographer?

Barabara na barabara huandikwa sawa. Ukikaza silabi ya tatu, umetaja njia ya magari. Ukikaza ya pili, umesema jambo limekwenda sawasawa. Maneno ya namna hiyo ni machache kwetu, kwa kuwa kwa kawaida mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mazoea hayo huingia nasi kwenye Kiingereza, na ndiyo maana wengi tukiliona neno photographer, yaani mpiga picha, tunasema "fotoGRAfa".

Kamusi ya Oxford ya wanafunzi huliandikia hivi: /fəˈtɒɡrəfə(r)/. Usikimbilie herufi. Tafuta kwanza kijistari kilichosimama juu, ˈ. Hutangulia silabi yenye mkazo, kwa hiyo hapa inayokazwa ni tɒ, yenye o fupi ya mdomo wazi. Itamke kwa nguvu kuliko nyingine zote.

Sasa tazama ə, ile e iliyopinduliwa. Imejitokeza mara tatu. Kiswahili hakina irabu hii: midomo hulegea, ulimi hukaa katikati ya kinywa, sauti hutoka fupi na hafifu. Hapa ndipo macho yanapotuponza, maana tahajia inatuonyesha o, kisha a, kisha e, nasi tunazitamka zote kikamilifu, ilhali kwa Mwingereza ni sauti ileile moja. Ile r iliyo ndani ya mabano Waingereza wengi huitamka pale tu neno linalofuata linapoanza kwa irabu. Wamarekani wengi huitamka daima.

Anza kwa kusema tɒ peke yake. Ongeza grəfə nyuma yake, na mwisho tanguliza fə.

Usidhani kwamba ukishalijua neno hili umewajua ndugu zake. Katika photograph, /ˈfəʊtəɡrɑːf/, kijistari kimehamia mwanzo, na o ya kwanza iliyokuwa hafifu sasa ni əʊ, irabu inayoteleza kuelekea u. Photographic, /ˌfəʊtəˈɡræfɪk/, ina alama mbili: ya juu ni mkazo mkuu, ya chini ni mkazo mdogo. Kila neno litafutie matamshi yake.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kamusi ya American Heritage huandika fə-tŏg′rə-fər, na alama yake huja baada ya silabi yenye mkazo. Ukiisoma kwa mazoea ya Oxford, utakaza rə, nawe utakuwa umekosea huku ukiamini umefuata kamusi. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini kamusi yoyote, fungua neno about, ambalo mkazo wake uko kwenye silabi ya mwisho. Ukikuta alama kabla ya b, kamusi yako hutanguliza alama. Ukiikuta mwisho kabisa wa neno, huiweka nyuma ya silabi.