Je, Wajua? Kuchemsha Hakuondoi Chumvi ya Jasi

Makanya, wilayani Same, huchimbwa jasi, na jasi huyeyuka: lita 1 ya maji inaweza kubeba zaidi ya gramu 2. Kwa hiyo maji ya kisima yaliyopita kwenye udongo wa namna hiyo huweza kuwa meupe kabisa na bado yakawa na chumvi iitwayo salfeti. Kuchemsha huua vijidudu, na dawa ya klorini vilevile, lakini chumvi haiguswi. Chemsha lita 5 zenye miligramu 400 za salfeti kwa kila lita mpaka zibaki lita 4, na kila lita sasa ina miligramu 500. Ladha chungu huanza kusikika karibu na 250. Zikizidi sana, mgeni huharisha.

Atasema mtu kwamba basi chupa yoyote ya maji ya dukani yatosha. Haitoshi. Soma lebo: alama ya TBS, jina na anwani ya kiwanda, tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha mistari ya salfeti na TDS, yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Kifuniko kikizunguka bila pete yake kukatika, huenda chupa imejazwa upya, irudishe. Wengine watalalamikia bei, na wana haki. Nunua ya kunywa tu, ya kufulia yatoke kisimani. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana jasi. Hayo ndiyo ya kuchemsha.